Kukadiria uzito kwa umri: kanuni ipi, na inakosea kiasi gani?

*Mtoto wa miaka 3 akiletwa na degedege na hakuna nafasi ya kumpima, mimi natumia (umri + 4) × 2. Mwenzangu anatumia umri × 3 + 7. Nani yuko sahihi?*

Yako inatoa kilo 14, ya mwenzako 16. Kwenye chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kati wa miaka 3 ana kilo 14 hivi, kwa hiyo kwa umri huo yako iko karibu zaidi. Ya mwenzako ilitokana na watoto wa Uingereza, ambao kanuni ya zamani, yaani hiyo yako, ilikuwa ikiwapunguzia kilo. Ukiambiwa utumie umri × 2 + 8 kwa kuwa ndiyo mpya, fungua mabano ya kwako uone: ni ile ile.

Lakini kilo 2 hizo si tatizo kubwa. Chukua wasichana wawili wa miaka 3 kutoka chati hizo hizo, mmoja kwenye mstari wa chini wa kawaida, kilo 10.8, mwingine kwenye mstari wa juu, kilo 18.1. Kanuni yako inawapa wote 14. Diazepamu ya kupitia njia ya haja kubwa, kwa miligramu 0.5 kwa kilo, itakuwa miligramu 7 kwa kila mmoja. Mwembamba alistahili 5.4 tu. Amepata karibu asilimia 30 zaidi, na hapo pumzi yake ndiyo ya kuchungwa. Mnene alihitaji 9. Degedege lisipokoma utadhani dawa imeshindwa, kumbe dozi ilikuwa ndogo.

Ndiyo maana, watafiti wanapohesabu watoto ambao makadirio yao hayakupishana na mizani kwa zaidi ya asilimia 10, kanuni za umri mara nyingi hazifikishi hata nusu. Umri hauoni mwili.

Kwa hiyo muulize mzazi kwanza, au tazama uzito wa mwisho kwenye kadi ya kliniki. Mzazi aliyempima mwanawe karibuni huishinda kanuni yoyote. Asipokuwepo, tumia utepe wa urefu kama Broselow, ukikumbuka kwamba nao haujui unene, hivyo mtazame mtoto: mbavu zikihesabika, shuka kidogo. Kanuni ya umri ibaki ya mwisho.

Ukilazimika kuitumia, usitupe miezi. Mtoto wa mwaka 1 na miezi 11 akihesabiwa kuwa wa mwaka 1 anapata kilo 10; kwa miaka 1.9 anapata 11.8, na kwenye chati wa kati ana 11 hadi 12.

Andika kwenye faili neno "makadirio" kando ya namba. Mtoto akitulia mpime, kabla dozi zinazofuata hazijarithi kilo za kubahatisha.