Mama anarudia kitabu kilekile: ni uchovu au ugonjwa?

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 74, ni mwalimu mstaafu, naishi naye hapa Nkuhungu, Dodoma. Nikimnunulia riwaya mpya anasoma kurasa kumi anaiweka kando, anarudi kwenye Adili na Nduguze. Mwaka huu ni mara ya nne. Je, kumbukumbu zinampotea? Na nimpe vitabu gani?*

Marahaba mwanangu. Jioni ya leo keti naye akiwa anasoma, umwombe akusimulie alipofikia na kinachofuata. Akikueleza kwamba Adili huwapiga manyani wawili kila usiku, na kwamba manyani hao ni nduguze Hasidi na Mwivu, tena akajua kuwa kitabu amekisoma mara nyingi na anakirudia kwa kupenda, usiwe na hofu. Ninaowatilia shaka ni wale wanaokishika kitabu cha jana wakidhani ni kipya, wanaosoma ukurasa mmoja mara tatu bila kujua, au wanaouliza swali lilelile baada ya dakika tano. Hapo mlete kliniki. Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, mwahishe hospitali siku hiyohiyo, kwani mara nyingi chanzo ni maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa, na hutibika.

Riwaya mpya inamshinda kwa sababu nyingine. Kurasa za mwanzo za hadithi yoyote ni mzigo: jina la huyu, mjomba wa yule, mji gani, nani anamdai nani. Yote hayo msomaji huyabeba kichwani kwa wakati mmoja huku macho yakiendelea na mistari. Uwezo huo wa kubeba mambo mapya kwa muda mfupi hupungua na umri, hata kwa mtu mzima wa afya. Msamiati na mambo yaliyozama zamani havipungui hivyo. Kwa Adili, mama hana cha kubeba. Mfalme Rai, nchi ya Ughaibuni, Janibu anakotawala Adili, yote yamo kichwani tayari, kwa hiyo nguvu yote inabaki kwa ajili ya kuonja lugha. Wala hakai roho juu akingoja baya litokee, maana analijua na anajua litakavyokwisha. Akili iliyochoka hupumzika hapo.

Kuna jambo la pili. Watu wazima wakiulizwa habari za maisha yao, kumbukumbu nyingi hutoka kwenye miaka ya ujana, takriban kati ya 10 na 30. Kitabu cha umri huo hakirudi peke yake. Mzee mmoja kutoka Mpwapwa, mstaafu wa reli, nilimwomba asome kwa sauti kitabu alichosoma shuleni. Aya ya pili akasimama, akaniambia harufu ya mafuta ya taa darasani, na jina la aliyekaa naye dawati moja. Mwanawe alikuwa hajawahi kuyasikia hayo.

Basi usichague kwa sifa za kitabu. Muulize mama alisoma nini akiwa msichana, na alifundisha nini alipoanza kazi, ukatafute hivyo. Kwa siku anazochoka sana ningempa mashairi, na hapa kwetu wa kwanza ni Mathias Mnyampala, Mgogo wetu wa Dodoma, mwenye Diwani ya Mnyampala. Ubeti wa mistari minne hauhitaji kukumbuka ukurasa uliopita, na vina humnong'oneza neno linalokuja kabla macho hayajalifikia. Nimeona wazee waliokuwa wakipotea katikati ya aya moja ya riwaya wakimaliza shairi zima kwa sauti bila kukwama.

Riwaya mpya usiitupe. Mwandikie majina ya wahusika na undugu wao kwenye kikaratasi akiweke kama alama ya ukurasa, asome asubuhi. Jioni abaki na Adili.

Ila kabla ya kulaumu akili, pima macho. Mtoto wa jicho huja polepole na msomaji huanza kuacha vitabu bila kusema sababu. Kitabu anachokijua kwa moyo husomeka hata kwa macho hafifu, kwa kuwa nusu ya maneno anayakisia, kipya hakikisiki. Mjaribu hivi: nenda steshenari na kurasa tatu za ile riwaya mpya, uombe fotokopi ya asilimia 141. Ukurasa wa A5 utajaa karatasi ya A4, na herufi za pointi 10 zitakuwa 14. Mpe asome saa nne asubuhi kando ya dirisha, mwanga ukitoka nyuma ya bega. Akizimaliza na kuulizia ya nne, mpeleke kwa daktari wa macho.