Swichi ya Juu ya Tangi na Maana ya SIL

Kompyuta inayosimamia ujazaji wa tangi letu hufunga valvu mafuta yakifika juu. Mfumo mwingine wa usalama ni wa nini?

Ni kwa sababu hatari huweza kuanzia kwenye kompyuta hiyo au geji yake. Katika ghala la Buncefield, Uingereza, alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2005, geji ya tangi namba 912 ilikwama mnamo saa 9 usiku huku petroli ikiendelea kuingia. Skrini ikabaki na kina kilekile, na kengele zilizotegemea geji hiyo zikanyamaza hadi tangi lilipofurika na mvuke kulipuka saa 12 na dakika 1.

Udhibiti wa kawaida hufanya kazi kila dakika, kwa hiyo kasoro zake nyingi huonekana mapema, ilhali kazi ya usalama hukaa kimya miaka mingi ikingoja siku moja. Ndiyo maana inafaa iwe na kihisi chake, kitengo chake cha uamuzi na valvu yake. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61511, kinachohusu mifumo ya usalama viwandani, hakiruhusu mfumo wa kawaida, usiojengwa kwa masharti yake, uhesabiwe kuwa unapunguza hatari zaidi ya mara 10, na mara 10 ndipo inapoanzia SIL 1, daraja la chini kabisa kati ya madaraja yanayopima jinsi kazi ya usalama inavyoweza kutegemewa.

Muuzaji ameleta swichi ya kuhisi mafuta yakifika juu ya tangi, yenye cheti cha SIL 2. Je, tumeshafika?

Bado, kwa kuwa SIL hupewa kazi nzima, kuanzia swichi hadi valvu, na valvu ndiyo mara nyingi huwa dhaifu kuliko vyote. Tuseme kazi nzima hupata kasoro ya hatari iliyojificha mara 1 katika miaka 100. Mkiijaribu kila mwaka, kasoro hukaa wastani wa nusu mwaka kabla ya kugunduliwa, hivyo uwezekano wa kuikuta imekufa siku ya kuhitajika ni 0.01 × 0.5, yaani 0.005, au mara 1 katika 200. Hiyo imo ndani ya SIL 2, inayopunguza hatari mara 100 hadi 1,000. Mkiliahirisha jaribio mpaka miaka 4, inakuwa 0.02, mara 1 katika 50, nanyi mmeshuka hadi SIL 1 bila kubadilisha kifaa hata kimoja.

Jaribio lenyewe linaweza kuharibu kitu?

Linaweza, na hili linanisikitisha kuliko yote. Tangi 912 lilikuwa na swichi ya juu iliyojitegemea, yenye mkono wa kujaribia uliohitaji kufuli ili ubaki mahali pa kazi. Kufuli halikufungwa, na swichi haikuweza kuhisi petroli. Kwa hiyo jaribuni hadi valvu ifunge kabisa, kisha mtu wa pili athibitishe kwa macho kwamba mkono umerudi mahali pake na kufuli limefungwa, ndipo fomu itiwe sahihi.