Maswali na Majibu: Midomo Inayolambwa Haiponi

Midomo yangu hukauka kila siku ingawa ninailamba ili isikauke. Sasa pamezuka mduara mweusi kuizunguka. Nifanye nini?

Kinachoikausha ni huko kulamba. Mate hukauka upesi na kuuacha mdomo mkavu zaidi ya ulivyokuwa, na kwa kuwa yana vimeng'enya vya kusaga chakula, huichokoza ngozi ya mdomo ambayo ni nyembamba na haina mafuta yake ya kutosha. Mdomo uliochokozwa huhisi mkavu, nawe unaulamba tena. Tazama vizuri mduara huo: utaona unaishia pale ulimi wako unapofika. Ngozi nyeusi au ya maji ya kunde ikichokozwa kwa muda mrefu hutengeneza melanini nyingi, hivyo weusi hubaki hata baada ya muwasho kwisha.

Paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu wala ladha kila unapotamani kulamba, kisha baada ya kula, na tabaka nene kabla ya kulala. Magamba yakiinuka usiyang'oe kwa meno. Yalainishe kwa mafuta hayo yadondoke yenyewe. Ukiacha kulamba kweli, midomo hutulia katika wiki chache, lakini weusi huhitaji miezi kadhaa kufifia.

Ni krimu gani itakayofanya midomo yangu iwe ya waridi?

Swali hili hunijia kila mara, na mwulizaji hasemi kama midomo yake ilibadilika au alizaliwa nayo hivyo. Midomo iliyo myeusi tangu utotoni haina ugonjwa wa kutibiwa. Iliyobadilika ina sababu, kama vile jua, sigara, kulamba au baadhi ya dawa, na sababu hiyo ndiyo ya kushughulikiwa. Krimu za kung'arisha zenye zebaki ni sumu, na kinachopakwa mdomoni humezwa.

Je, nisugue kwa mswaki na sukari?

Hapana. Unaongeza majeraha, na kila jeraha huweza kuacha weusi mpya.

Mafuta yangu ya midomo yana ubaridi mzuri, lakini siwezi kukaa saa moja bila kuyapaka. Kwa nini?

Ubaridi huo hutokana na mentholi au kafuri, ambazo huichokoza midomo iliyopasuka na kukufanya uyatafute tena. Yaache. Mchana tumia yasiyo na ladha yenye kinga ya jua ya kiwango cha 30 au zaidi, na uyarudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje, hasa kwenye mdomo wa chini unaopigwa na jua zaidi. Mdomo huo ukiwa na sehemu ngumu yenye magamba, au kidonda kisichopona kwa wiki tatu, mwone daktari. Vivyo hivyo doa moja linalokua au kubadilika rangi, na mipasuko ya pembeni mwa mdomo isiyoisha, ambayo mara nyingi ina fangasi na haiponi kwa mafuta pekee.