Umesasisha apt, lakini programu yako je?

Tarehe 11 Septemba 2023 Google ilitoa toleo jipya la Chrome ili kuziba tundu lililopewa namba CVE-2023-4863. Tundu lenyewe lilikuwa kwenye libwebp, maktaba inayofungua picha za WebP. Picha iliyoundwa kwa hila iliweza kuifanya maktaba hiyo iandike nje ya eneo la kumbukumbu ililotengewa, na hapo mshambuliaji akapata mwanya wa kuendesha msimbo wake. Washambuliaji walikuwa wameshaanza kuutumia.

Mimi natumia Debian 12. Marekebisho yalipofika niliandika `sudo apt update`, kisha `sudo apt upgrade`, nikaona libwebp7 imo kwenye orodha, nikafunga kompyuta nikijua nimemaliza. Siku ya pili nilikaa nikajiuliza: kwenye mashine hii kuna libwebp ngapi? Kulitafuta jibu kulinichukua jioni nzima, na tangu hapo nimebadili namna ninavyochagua mahali pa kuitoa kila programu: apt, flatpak, snap au AppImage.

Tuanze na apt. Debian inaweka nakala moja ya libwebp7, na karibu kila programu ya apt inayohitaji kufungua WebP inaazima nakala hiyohiyo. Ukiibadilisha, zote zimepona, hata ile ambayo mtengenezaji wake hajaigusa kwa miaka mitatu. Zipo chache zinazobeba nakala yao. Firefox ESR, kwa mfano, ilihitaji sasisho lake peke yake.

Kuna jambo hapa linalowatia watu hofu bure. Waandishi wa libwebp walilimaliza tatizo kwenye toleo 1.3.2, lakini ukiuliza Debian 12:

```
apt-cache policy libwebp7
```

utaona 1.2.4-0.2+deb12u1. Hujaachwa nyuma. Debian haipandishi toleo katikati ya maisha ya distro. Inachukua kiraka na kukishonea kwenye toleo lililopo. Kiangalie kile kimkia, `+deb12u1`, kwa sababu ndicho kinachokuambia kwamba kiraka kimeingia.

Lakini programu iliyokuwa wazi wakati wa kusasisha bado imeshika nakala ya zamani kwenye kumbukumbu, hata kama faili lake limeshafutwa kwenye diski. Amri hii inazitaja:

```
sudo lsof | grep 'DEL.*libwebp'
```

Kwangu zilitokea mbili, kihariri picha na kifungua mafaili. Nikazifunga na kuzifungua upya, orodha ikawa tupu.

Sasa flatpak. apt haizigusi kabisa programu hizi. Kama duka la programu la mazingira yako ya mezani halizisasishi lenyewe, ni lazima uandike `flatpak update`. Kila programu ya flatpak inasimama juu ya msingi wa pamoja, kama org.freedesktop.Platform, na libwebp imo ndani ya msingi huo. Msingi ukirekebishwa, programu zote zinazosimama juu yake zinapona kwa pamoja, karibu sawa na apt. Tofauti ni kwamba misingi inaweza kuwa mingi kwenye mashine moja, na kila mmoja una mwisho wake. Ule wa freedesktop hutoka kila Agosti na kuhudumiwa takriban miaka miwili. Programu ambayo mtengenezaji wake hajaihamisha hubaki juu ya msingi uliokwisha muda, nayo inaendelea kufunguka vizuri tu. Ione hapa:

```
flatpak list --app --columns=application,runtime
```

Ukiona kwenye `flatpak update` onyo lenye neno `end-of-life`, usilipite. Linakuambia kwamba msingi huo hautarajii tena viraka, na dawa iko mikononi mwa mtengenezaji wa programu. Kwako wewe hakuna amri ya kuutibu.

Kilichonikamata hasa ni programu za Electron. Hizi hubeba Chromium nzima, yaani kiini cha kivinjari cha Chrome, ndani yake, na libwebp imeunganishwa humohumo kwenye faili kuu la programu. Hutaipata kwa `find`, na msingi wa flatpak ukirekebishwa haisaidii. Electron yenyewe ilibidi itoe matoleo mapya: 22.3.24, 24.8.3, 25.8.1 na 26.2.1. Halafu kila mtengenezaji achukue toleo hilo, aijenge programu yake upya na kuituma. Hata ingekuja kama deb iliyopakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, hali ni ileile.

Snap inakaribia hapo. Maktaba nyingi huwa ndani ya snap yenyewe au ndani ya snap za pamoja, kwa hiyo mara nyingi mchapishaji ndiye anayepaswa kujenga upya. Lakini kiraka kikishachapishwa, snapd, huduma inayosimamia snap, haingoji amri yako: hukagua mara nne kwa siku na kusasisha yenyewe. Programu ikiwa wazi, sasisho husubiri uifunge, hadi siku 14. Watu wengi hulalamikia tabia hii. Mimi, kwa kivinjari na programu za mawasiliano, naipenda. Ukiandika `snap info` na jina la programu, utaona tarehe ambayo toleo la `latest/stable` lilichapishwa. Kama tarehe hiyo ni ya kabla ya kiraka kutoka, hata snapd ikague mara ngapi haina cha kukuletea.

Mwisho nikafika kwenye AppImage, programu nzima iliyofungwa kwenye faili moja. Nilikuwa na moja tu, programu ya kuandikia kumbukumbu, imekaa kwenye folda yangu tangu miezi mingi. Nikaifungua ndani:

```
./kumbukumbu.AppImage --appimage-extract
strings squashfs-root/kumbukumbu | grep -o 'Electron/[0-9.]*'
```

Ikajibu Electron 24.1, yaani chini ya 24.8.3. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikifungua picha ninazobandika kutoka mtandaoni kila siku. Nikaiuliza kama inajua pa kutafuta masasisho, kwa `--appimage-updateinformation`, ikarudisha mstari mtupu. AppImage yenye taarifa hiyo unaweza kuisasisha kwa AppImageUpdate, na huvuta sehemu zilizobadilika tu. Isiyo nayo haiambiwi na yeyote, wala wewe huambiwi.

Na AppImage yenyewe haina kisanduku. Flatpak na snap nyingi walau huizuia programu iliyovamiwa isifike kila mahali, ingawa flatpak iliyopewa ruhusa ya `filesystem=home` inaona mafaili yako yote. AppImage inaendeshwa kwa haki zako zote, mpaka uifungie mwenyewe kwa chombo kingine.

Kwa hiyo nikapanga hivi. Kihariri picha, kisoma hati na chochote kinachofungua mafaili ya watu wengine nakitoa apt, maana maktaba ni moja na Debian ndio wanaoihudumia. Programu za Electron nazitoa Flathub, duka la flatpak, au snap, baada ya kuangalia kwamba mchapishaji ametoa toleo ndani ya miezi miwili iliyopita. AppImage naitumia kujaribu kitu kwa siku chache, kisha nafuta faili. Ile ya kumbukumbu niliifuta usiku uleule. Kwenye Flathub ilikuwa imeshajengwa upya juu ya Electron iliyotibiwa, na daftari zangu zilifunguka bila tatizo baada ya kuielekeza kwenye folda ya zamani.