Shangazi, kumi asilimia au tisa?

*Shikamoo shangazi. Nina milioni 2, ni akiba yangu ya kwanza. Benki moja inanipa asilimia 10 kwa mwaka, riba ya kawaida, akaunti ya muda maalumu. Nyingine inanipa asilimia 9, ila riba inaingizwa kwenye salio kila mwezi nayo inazaa. Rafiki yangu anasema riba juu ya riba haishindwi. Nataka kuchimba msingi wa nyumba baada ya miaka miwili. Niende wapi?*
*Mama Mdogo, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Rafiki yako hajakosea sana, ila amesahau kukuuliza pesa utaitaka lini.

Riba ya kawaida huhesabiwa kwenye ile milioni 2 tu. Kila mwaka unapata 200,000, kwa hiyo miaka miwili ikiisha una 2,400,000. Kule kwa asilimia 9, mwezi wa kwanza unapata 15,000. Mwezi wa pili wanahesabu kwenye 2,015,000, nawe unapata 15,112. Hiyo mia na kumi na mbili ndiyo riba juu ya riba yenyewe. Mwanzoni ni pesa ya kununulia pipi, na inachukua muda kunenepa. Baada ya miaka miwili utakuwa na kama 2,392,800, bado uko nyuma. Itaipita ile ya kwanza mwezi wa 29, na kwa miaka mitano ingekuwa 3,131,000 dhidi ya 3,000,000.

Kwa msingi wako, basi, asilimia 10 inashinda, japo kwa elfu saba tu. Lakini kuna jambo ambalo wahudumu wengi hawalitaji usipouliza. Je, hiyo akaunti ni ya miaka miwili mfululizo, au ni ya mwaka mmoja unaoendelezwa? Kama ni ya mwaka mmoja, kwenye fomu utachagua kitakachofanyika ukiisha: riba iende kwenye akaunti yako ya kawaida, au iunganishwe na mtaji. Chagua iunganishwe. Mwaka wa pili utaanza na 2,200,000 na kumaliza na 2,420,000, kama hawatashusha riba siku ya kuendeleza. Hapo umejitengenezea riba juu ya riba mwenyewe, kwa asilimia 10, na benki zote mbili umezipita. Ukiacha kisanduku hicho wazi, laki mbili zitahamia kwenye akaunti ya matumizi, na sote tunajua zinavyoyeyuka huko.

Kumbuka pia kodi ya zuio, asilimia 10 ya riba. Kila tarakimu niliyokupa itapungua, ila kwa miaka yako miwili anayeongoza ni yuleyule.

Kabla hujasaini, waulize ukivunja mkataba katikati wanakata nini. Benki nyingi hupunguza riba au hufuta yote. Kama kuna uwezekano fundi akakuita mapema, gawa: milioni moja na nusu ifungwe, laki tano ibaki unapoweza kuifikia.