Friwili au kaseti?

*Fundi, nimekutumia picha ya gia za nyuma za baiskeli yangu. Ziko 7 na mnyororo unaruka nikikanyaga kwa nguvu. Nataka kuagiza mpya, lakini muuzaji anauliza ni friwili au kaseti. Nimwambie nini?*

Ndugu yangu, kutokana na picha hii ninaamini ni friwili. Ukiikuza picha, karibu na ekseli utaona vitobo viwili vidogo vinavyotazamana, vimejaa grisi. Vitobo hivyo viko kwenye koni inayofunika gololi za friwili, na kwenye kaseti huvikuti. Usijaribu kuifungua koni hiyo, maana gololi zitamwagika.

Hata hivyo usiagize bado, kwa sababu picha imepigwa kutoka ubavuni na fremu imeziba nusu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Vua gurudumu, futa grisi, kisha ulishike lisizunguke huku ukizungusha gia kinyumenyume. Tazama zile pengo za kuingizia kifunguo, katikati kabisa. Zikitulia pamoja na gurudumu, hiyo ni friwili: imekazwa kwenye habu kwa nyuzi kama za skrubu, na utaratibu wa kuachia gurudumu lizunguke usipokanyaga uko ndani yake. Zikizunguka pamoja na gia, ni kaseti, kwani unachokiona ni pete inayobana gia, na utaratibu wa kuachia umebaki kwenye habu. Idadi ya gia haitakusaidia hapa, maana zenye 7 zipo za aina zote mbili, na moja haiwezi kukaa kwenye habu ya nyingine.

Ukishafuta, tafuta pia maandishi. Kwenye bidhaa za Shimano, namba ya friwili huanza na MF na ya kaseti huanza na CS. Ikisomeka, nakili yote na umpe muuzaji.

Kisha hesabu meno ya gia ndogo kabisa na kubwa kabisa, ukianzia kwenye jino ulilotia alama ya chaki. Kwenye picha nimepata 14 na 28, ila upande mmoja uko gizani, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Usipande hadi 34 kwa kutamani wepesi wa mlimani: kibadilisha gia chako cha nyuma kina mkono mfupi, na huenda kikagusa gia hiyo.

Kabla ya kulipa, pima mnyororo. Weka rula katikati ya pini moja, uhesabu pini 24 mbele yake. Mnyororo mpya huonyesha milimita 304.8. Wako ukifika 306.5 au zaidi, agiza na mnyororo wa gia 6 hadi 8. Friwili mpya ikivishwa mnyororo uliokwisha kurefuka, huenda ukaendelea kuruka, na meno mapya yataliwa mapema.

Nitumie picha nyingine gurudumu likiwa nje, kamera ikitazama ekseli moja kwa moja.