Wasifu wangu hautaji masikio yangu, barua inayofuata ndiyo inayataja

Nilifika kwenye usaili saa tisa kasoro dakika kumi, nguo zimepigwa pasi, vyeti vipo kwenye bahasha. Dada wa mapokezi alinitazama, akatazama orodha yake, kisha akanitazama tena. Usaili wangu ulikuwa saa sita. Walinisubiri, wakaona sitokei, wakaendelea na wengine, na muda ule walikuwa wameshaondoka.

Aliyenipigia simu siku mbili kabla alisema "sita", mimi nikasikia "tisa". Yatamke maneno hayo mawili polepole utaona: irabu ni zilezile, i halafu a, na konsonanti ni zilezile mbili, zimebadilishana nafasi tu. Tangu homa ya uti wa mgongo iliponiharibia masikio nikiwa mtu mzima, milio ya juu kama s, f na t hunifikia kwa shida hata nikiwa nimevaa shimesikio, kifaa cha kunisaidia kusikia. Ana kwa ana naziba pengo hilo kwa kutazama midomo. Kwenye simu hakuna midomo, na mfumo wa kawaida wa simu umekuwa ukipitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, wakati sehemu kubwa ya mlio wa s iko juu ya hapo. Nilichopata mimi siku ile ni i na a, nikakisia kilichobaki.

Wasifu wangu wakati huo haukusema lolote kuhusu masikio, na nilikuwa na sababu. Wasifu wangu wa kwanza baada ya kuugua ulisema kila kitu: ugonjwa, mwaka, masikio yote mawili, hata jina la aina ya shimesikio. Sikuitwa popote. Nilipoufuta ule mstari nikaanza kuitwa, nikadhani nimepata jawabu. Kumbe nilikuwa nimetoka kosa moja nikaingia la pili.

Hofu ya kuandika si ya kufikirika. Watafiti wa Marekani waliwahi kutuma maombi ya kubuni zaidi ya 6,000 kwa kazi za uhasibu, ambayo ndiyo fani yangu. Sifa za waombaji zilikuwa sawa; baadhi ya barua zilitaja ulemavu, nyingine hazikutaja. Zilizotaja zilipata mwitikio pungufu kwa asilimia 26 hivi, ingawa ulemavu uliochaguliwa haukutarajiwa kumzuia mtu kufanya kazi ya hesabu. Kwa hiyo anayekushauri unyamaze kwenye wasifu hakutishi bure. Anachokosea ni kudhani kwamba uamuzi ni mmoja tu, kusema au kutosema, wakati swali zito zaidi ni useme katika hatua ipi.

Wasifu una kazi moja: kumfanya anayeupitia haraka aamue kukuita. Wakati huo bado hajakuona, hajakusikia ukizungumza, na hana mahali pa kukuuliza swali. Ukimpa jina la ugonjwa, atajaza mwenyewe yale asiyoyajua, na atayajaza kwa woga. Ukimwambia jambo lilelile akiwa ameshakuita, anakuwa tayari na sababu za kukutaka, na ana namba na anwani ya kukuuliza. Taarifa ni ileile, anayeipokea ndiye aliyebadilika.

Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kutuma maombi, najiuliza swali moja: je, hali yangu itakutana na mwajiri kabla mimi sijakutana naye? Kama haitakutana naye, haiingii kwenye wasifu. Mwenye kisukari anayehitaji dakika chache za kupima sukari hana sababu ya kuiandika. Kwangu jibu ni ndiyo, kwa sababu hatua ya kwanza ya waajiri wengi ni simu. Lakini hata hapo sikuhitaji kutaja masikio. Nilibadilisha mstari wa mawasiliano ukasomeka: "Barua pepe au ujumbe mfupi, ninajibu siku hiyohiyo." Namba ya simu ipo, na wengi hutuma ujumbe. Akipiga, siibahatishi tena simu ile: naomba anitumie siku na saa kwa maandishi, jambo ambalo hata mwenye masikio mazima huomba.

Kuna sehemu mbili ambapo wasifu wenyewe hukusemea hata kama umenyamaza. Ya kwanza ni pengo. Mimi nina miezi kumi na moja isiyo na kazi. Nikiiacha wazi, msomaji atawaza kufukuzwa au kifungo, kwa hiyo naiandika kwa mstari mmoja: "Likizo ya matibabu, yaliyokamilika; miezi mitatu ya mwisho, mafunzo ya kodi na mishahara." Neno linalobeba mzigo hapo ni "yaliyokamilika", na ni la kweli, kwa kuwa homa ilitibiwa ikaisha. Kama matibabu yako yanaendelea, usiliandike. Andika "nilirejea kazini mwezi fulani", maana hilo nalo ni kweli na linamtosha msomaji.

Ya pili ni uzoefu ulioupata kwenye vyama vya watu wenye ulemavu. Rafiki yangu anayetumia kiti cha magurudumu alikuwa mweka hazina wa chama cha namna hiyo kwa miaka minne, akifunga hesabu za kila mwaka na kukaa na wakaguzi. Aliifuta nafasi hiyo asijulikane, na wasifu wake ukabaki na kazi mbili ndogo za karani. Nilimwambia airudishe. Ilikuwa ndiyo ushahidi wake mkubwa kuliko wote kwamba anaweza kubeba hesabu za taasisi nzima. Angekuwa mwanachama wa kawaida tu, ningemshauri aiache nje bila kusita.

Na kama wasifu wako bado una ule mstari wa zamani unaosema "Hali ya afya: njema", chini ya tarehe ya kuzaliwa na hali ya ndoa, uondoe. Haukusaidii ukiwa mzima, na ukiwa na hali fulani unakulazimisha useme uongo au ujieleze mahali pasipostahili.

Sasa barua inayofuata wito wa usaili. Hapa ndipo ninaposema, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kutafuta maneno. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi: "Napenda kuwajulisha kwamba nina upungufu wa kudumu wa kusikia katika masikio yote mawili uliotokana na homa ya uti wa mgongo, na naomba msinihukumu kwa hilo." Yote ni kweli, lakini anayeisoma anabaki na ugonjwa mkononi na ombi la huruma. Hajui afanye nini kesho asubuhi. Rasimu ya pili ilikwenda upande wa pili: "Nina tatizo dogo la masikio lisiloathiri kazi yangu hata kidogo." Hiyo si kweli, na inajifungia mlango, kwa sababu ukishasema huhitaji chochote huwezi kugeuka na kuomba chumba kisicho na kelele.

Ninayoituma sasa ni hii:

"Nathibitisha kufika Alhamisi saa sita mchana. Ninatumia shimesikio na ninaelewana vizuri na watu ana kwa ana. Naomba tukae kwenye chumba chenye utulivu, mahali ninapoweza kuwaona wasaili wote usoni, na mwanga wa dirisha usiwe nyuma yao. Mabadiliko yoyote ya muda tafadhali yaje kwa barua pepe au ujumbe mfupi."

Haina jina la ugonjwa wala historia yake. Ina kifaa ninachotumia, kitu ninachokiweza, na mambo matatu ambayo mtu mmoja anaweza kuyapanga kwa dakika tano bila gharama. Ombi la dirisha huwashangaza watu, lakini mtu akikaa na mwanga mgongoni uso wake unakuwa giza, na midomo yake haisomeki. Naituma siku ileile niliyoitwa, ili wapate muda wa kuhamisha chumba na ili barua ithibitishe saa kwa maandishi. Sita ikiandikwa haigeuki kuwa tisa.

Ukitaka kuandika yako, anza na kile utakachohitaji siku hiyo, kisha rudi nyuma uone ni maneno machache kiasi gani yanatosha kukieleza. Mwenye uoni hafifu anaweza kusema tu: "Kama kuna jaribio la maandishi, naomba liwe kwa herufi kubwa au kwenye kompyuta." Mwenye kifafa kilichodhibitiwa kwa dawa huenda asihitaji kuomba chochote kwenye usaili, na kama hana cha kuomba, hana barua ya kuandika. Kusubiri hadi apewe kazi ndipo aeleze ni haki yake.

Mipaka ipo. Fomu ikiuliza waziwazi na jibu ni la lazima, jibu kweli, kwa sababu uongo uliotiwa saini unaweza kukutoa kazini hata kama unaifanya vizuri. Kazi ambazo hali yako inaweza kuhatarisha maisha, kama udereva kwa mwenye kifafa, zina vipimo vyake vya afya na huwezi kuvikwepa kwa kunyamaza. Kuna pia fomu za takwimu za usawa zinazokuja kando ya maombi. Kwa kawaida hizo ni za hiari na hutenganishwa na faili la wasaili, lakini soma kwanza imeandikwa nini juu yake kabla ya kuijaza.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 27, unakataza ubaguzi tangu kwenye uajiri, na kifungu cha 2 kinahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ubaguzi. Sheria za kila nchi zinatofautiana katika kuutekeleza. Kwa vitendo, mwajiri hawezi kurekebisha asichokijua, na wewe huwezi kulalamika juu ya ombi ambalo halikuandikwa popote, kwa hiyo tunza kila barua. Niliwahi kutuma ile barua yangu, na usaili uliokuwa umethibitishwa ukaahirishwa bila tarehe mpya. Niliuliza mara moja, kwa maandishi, kama nafasi bado ipo. Sikujibiwa. Iliniuma, na bado naziweka barua zile mbili.

Kwenye usaili mwingine, swali lililonifuata ndani ya chumba, na jiandae na lako, lilikuwa hili: "Wateja wakipiga simu utafanyaje?" Nilijibu kama ninavyofanya kazi: kiasi chochote cha fedha kinachotajwa kwa simu sikiingizi kwenye vitabu mpaka kije kwa maandishi, na tarakimu nazirudia moja moja kwa aliyezitaja. Msaili wa katikati, ambaye ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wangu, aliandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha akainuka akavuta pazia, kwa sababu jua lilikuwa limeanza kuingia nyuma yake.